Esei za mikunjo ya gharama na miundo ya soko: mchoro unapopingana na maelezo

Anayesahihisha pasti pepa za uchumi za kidato cha sita huzoea kuona maelezo yakisema faida huku mchoro uliochorwa chini yake ukionyesha hasara. Mwanafunzi mwenyewe hajui, kwa sababu alikariri maelezo siku moja na mchoro siku nyingine. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na karatasi yako, anza na sababu ya kwanza, na usiende ya pili kabla hujaiondoa ya kwanza.

Kipimo chetu ni jedwali moja la kampuni ndogo ya matofali. Gharama zote ni za maelfu ya shilingi, na gharama zisizobadilika ni 20 hata kama haikufyatuliwa tofali moja. Q ni kiasi kinachozalishwa, kwa mafungu. TVC ni jumla ya gharama badilifu, TC ni jumla ya gharama zote, AVC na AC ni wastani wa hizo mbili kwa kila fungu, na MC ni gharama inayoongezwa na fungu moja zaidi.

| Q | TVC | TC | AVC | AC | MC |
|---|---|---|---|---|---|
| 0 | 0 | 20 | – | – | – |
| 1 | 10 | 30 | 10 | 30 | 10 |
| 2 | 16 | 36 | 8 | 18 | 6 |
| 3 | 21 | 41 | 7 | 13.7 | 5 |
| 4 | 28 | 48 | 7 | 12 | 7 |
| 5 | 40 | 60 | 8 | 12 | 12 |
| 6 | 60 | 80 | 10 | 13.3 | 20 |

Linakili kwenye karatasi ya grafu kabla hujaendelea, maana karibu kila kosa lililo hapa chini linaonekana kwa macho ukiwa nalo pembeni.

Dalili ya 1: MC haipiti chini kabisa ya AVC na AC

Sababu inayoongoza ni mpangilio wa kuchora. Mwanafunzi anachora AC, anachora AVC, kisha anaitafutia MC pa kupita, nayo inakata ubavuni. Geuza mpangilio. Chora MC kwanza, ishuke kidogo kisha ipande. Weka nukta mbili kwenye sehemu inayopanda, ya chini kwa ajili ya AVC na ya juu kwa ajili ya AC. Hapo ndipo upitishe mikunjo ya wastani, kila mmoja ukiwa umelala kabisa pale unapokutana na nukta yake.

Sharti hili lina sababu, na sababu hiyo iandike kwenye esei kwa kuwa ina alama zake. Kama wastani wako wa majaribio ni 60 na jaribio linalofuata ukapata 50, wastani unashuka. Ukipata 70, unapanda. Gharama nayo ni hivyohivyo. MC ikiwa chini ya wastani inauvuta chini, ikiwa juu inauvuta juu, kwa hiyo mahali pekee ambapo wastani haushuki wala haupandi ni pale zinapolingana. Hebu litazame jedwali: fungu la 4 linaongeza gharama ya 7, na AVC inabaki 7. Fungu la 5 linaongeza 12, na AC inabaki 12.

Sababu ya pili huwapata wanaochora kwa takwimu. MC ya 12 ni gharama ya kutoka fungu la 4 kwenda la 5, lakini wao wanaiweka juu ya 5. Nukta yake halali ni 4.5. Ukiweka nukta zote za MC katikati ya vipimo, yaani 0.5, 1.5, 2.5 na kuendelea, mkunjo utakata AVC karibu na 3.5 na AC karibu na 4.5, chini kabisa ya kila mmoja. Ukiziweka kwenye namba kamili, mkunjo wote unasogea kulia nusu kipimo na makutano yanaharibika, ingawa hesabu zako zote ni sahihi.

Ya tatu, isiyotokea sana, ni hesabu yenyewe. Jumlisha safu ya MC toka juu hadi Q fulani. Jibu liwe sawa na TVC ya Q hiyo. Hapa 10 + 6 + 5 + 7 ni 28, sawasawa na TVC ya mafungu 4. Isipolingana, kuna mahali umetoa vibaya.

Ukimaliza hayo, pima umbali kati ya AC na AVC. Umbali huo ni gharama zisizobadilika kwa kila kipimo, 20 gawanya kwa Q, kwa hiyo lazima upungue kadiri unavyokwenda kulia bila mikunjo hiyo kugusana hata siku moja. Wengi huichora ikienda sambamba kama reli, halafu kwenye maelezo wanaandika kwamba gharama zisizobadilika kwa kila kipimo hupungua uzalishaji unapoongezeka.

*Simama hapa:* kama jedwali limelingana, MC umeitanguliza, na bado huwezi kusema kwa maneno yako kwa nini MC inapanda, acha kuchora. Tatizo liko nyuma, kwenye kanuni ya mapato yanayopungua. Mwombe mwalimu wako wa somo aanze na jedwali la vibarua na mazao, kabla ya bei na gharama zozote.

Dalili ya 2: Umeandika "faida ya ziada" lakini eneo ulilotia kivuli si faida

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote, nayo huja na swali linalojirudia miaka nenda miaka rudi: kwa msaada wa michoro, onyesha namna kampuni katika ushindani kamili inavyoweza kupata faida ya ziada, faida ya kawaida au hasara katika muda mfupi.

Kwanza angalia ulipochukua kipimo cha gharama. Wengi huchora mstari wa bei, halafu wanashusha mstatili hadi sehemu ya chini kabisa ya AC. Kampuni haizalishi hapo. Inazalisha pale MC inapokata mstari wa bei, na gharama ya wastani inasomwa kwenye kiasi hicho. Tuseme bei ya soko ni 20. Fungu la 6 linagharimu 20 na linaleta 20, kwa hiyo kampuni inaishia mafungu 6. Kwenye Q ya 6, AC ni 13.3. Mstatili una urefu wa 6 na kimo cha 20 toa 13.3, jibu ni 40. Hakiki kwa njia nyingine: mapato 120, gharama 80, faida 40. Ukishusha mstatili hadi 12, chini kabisa ya AC, unapata 48, faida ambayo kampuni hii haina.

Kuna mwendo mmoja wa mkono unaozuia kosa hili. Tafuta makutano ya MC na MR, yaani mapato yanayoletwa na fungu moja zaidi, ambayo kwenye ushindani kamili ni mstari wa bei wenyewe. Shuka wima hadi mhimili wa Q. Rudi juu kwa mstari huohuo hadi ugonge AC. Kutoka hapo nenda kushoto hadi mhimili wa bei. Pembe nne za mstatili zinajitokeza zenyewe, zipe herufi. Ukianzia mahali pengine popote, unabahatisha.

Sababu ya pili ni kutumia bei moja kwa hali zote tatu. Mwanafunzi anachora michoro mitatu yenye mstari wa bei ulio kimo kilekile, halafu anaipandisha na kuishusha AC. Hilo halijakatazwa, gharama za kampuni mbalimbali zinatofautiana, ila maelezo yake yanasema "bei ikishuka". Kama hoja inazungumzia bei, kinachosogea kwenye mchoro kiwe bei. Mikunjo ya gharama iache palepale: bei ya 20 inatoa faida ya ziada, bei ya 12 inatoa faida ya kawaida kwenye Q ya 5, mapato 60 na gharama 60, na bei ya 10 inaleta hasara.

Sababu ya tatu ni kusahau mchoro wa sekta. Mstari wa bei wa kampuni umelala kwa kuwa bei imeamuliwa kwingine, kwenye makutano ya mahitaji na ugavi wa soko zima. Chora soko kushoto, kampuni kulia, na mstari wa nukta uvuke kutoka mchoro mmoja hadi mwingine kwa kimo kimoja. Bila hiyo, sentensi yako kwamba "kampuni inapokea bei" haina pa kuegemea.

Dalili ya 3: Kampuni ina hasara, ukaandika kwamba lazima ifunge

Rudi kwenye bei ya 10. Fungu la 5 linagharimu 12, halilipi, kwa hiyo kampuni inazalisha 4. Mapato ni 40, gharama ni 48, hasara 8. Ikifunga, mapato ni sifuri na zile 20 za kodi ya eneo na mkopo wa mashine zinabaki palepale. Hasara ya 8 ni nafuu kuliko ya 20, basi inaendelea.

Karibu kila anayekosea hapa amekosea kwa sababu hakuichora AVC. Kwenye swali la faida unaweza kuiacha. Kwenye swali la hasara haiwezekani, kwani ndiyo inayoamua. Bei ikiwa juu ya AVC, kila fungu linalipa gharama zake badilifu na kuchangia kidogo zile zisizobadilika. Bei ikishuka chini ya 7, hakuna kiasi chochote kinacholipa. Jaribu 6: kwenye mafungu 3 mapato ni 18, gharama 41, hasara 23, zaidi ya 20 za kufunga. Nukta ya kufungia basi ni pale MC inapokata AVC, na mkunjo wa ugavi wa kampuni kwa muda mfupi ni MC kuanzia hapo kwenda juu. Hoja hii ichorwe peke yake, ikiwa na mistari miwili ya bei, mmoja kati ya AVC na AC, mwingine chini ya AVC. Ukiibana kwenye mchoro wa faida itapotea.

Sababu nyingine ni kuchanganya muda mfupi na muda mrefu. Katika muda mrefu hakuna gharama isiyobadilika, kwa hiyo kampuni yenye hasara huondoka kweli. Soma swali tena. Kama halikutaja muda, taja wewe, kwenye kichwa cha mchoro na kwenye sentensi ya kwanza.

Dalili ya 4: Mkiritimba wako anauza kwa bei iliyo chini ya gharama

Mpe kampuni yetu ya matofali soko zima, na mahitaji yawe hivi:

```
P  = 24 - 2Q
MR = 24 - 4Q
```

Akiuza mafungu 4 bei ni 16 na mapato 64. Akiuza 5 bei ni 14 na mapato 70. Fungu la 5 limeongeza mapato kwa 6 tu huku likigharimu 12, basi anaishia 4. AC ni 12, bei ni 16, faida ni 4 mara 4, yaani 16.

Mwanafunzi anafika hadi makutano ya MC na MR bila kosa, kisha anakwenda kushoto palepale na kuandika "bei". Makutano hayo yako kati ya 7 na 10. Ukiita hiyo bei, iko chini ya AC ya 12, na mkiritimba uliyemsifia kwa faida anapata hasara kwenye mchoro. Makutano yanatoa kiasi peke yake. Bei inasomwa juu, kwenye mkunjo wa mahitaji, maana ni wanunuzi wanaosema watalipa ngapi kwa kiasi hicho.

Kama bei umeisoma vizuri na mchoro bado haukai, angalia mteremko wa MR. Kwa mahitaji ya mstari ulionyooka, MR inaanzia nukta ileile ya juu na kushuka kwa kasi maradufu. Hapa mahitaji yanafika mhimili wa Q kwenye 12, na MR kwenye 6. Pima kwa rula: MR ikate katikati ya umbali huo. MR iliyochorwa sambamba na mahitaji ni kosa linaloonekana toka mbali.

Sababu ya mwisho ni imani kwamba mkiritimba hapati hasara. Pandisha AC iwe juu ya mahitaji kila mahali, na atapata. Kuwa peke yako sokoni hakuwalazimishi watu kununua.

Dalili ya 5: Kwenye ushindani wa kiukiritimba, muda mrefu, mistari haikutani wima

Wazo hili lilifika kwenye vitabu mwaka 1933, Edward Chamberlin akiwa Marekani na Joan Robinson Uingereza, na mchoro wake ndio unaowatoa watu jasho. Mambo mawili lazima yatokee kwenye Q moja: AR, yaani mkunjo wa mahitaji ya kampuni, iiguse AC bila kuikata, na MC ikate MR moja kwa moja chini ya mguso huo.

Ukianza na AR na MR halafu ukatafuta pa kuiweka AC, utafuta hadi karatasi itoboke. Anza na AC. Weka rula ubavuni kwake kushoto, upande unaoshuka, ichore AR ikiigusa mara moja. Kutoka kwenye mguso shusha mstari wa nukta hadi Q. Chora MR, yenye mteremko maradufu. Mahali MR inapokutana na mstari wa nukta, tia alama. MC ipitie hapo na iendelee kupanda hadi chini kabisa ya AC. Kila kitu kitakaa.

Ukiona mguso wako uko chini kabisa ya AC, umechora ushindani kamili. AR inayoteremka haiwezi kugusa mkunjo mahali ulipolala. Umbali kati ya Q yako na Q ya chini kabisa ya AC ndio uwezo wa ziada usiotumika, hoja ambayo watahiniwa wengi huiandika bila kuionyesha. Weka Q mbili kwenye mhimili, na sentensi yako itakuwa na kitu cha kunyooshea kidole.

Oligopoli, soko la wauzaji wachache, nitaipitia haraka. Mchoro wa mahitaji yaliyopinda, wa mwaka 1939, una mwanya kwenye MR chini ya pindo. Mikunjo miwili ya MC ipite ndani ya mwanya huo, maana hoja ni kwamba gharama zinaweza kubadilika na bei isibadilike. MC moja haionyeshi mabadiliko yoyote. Na usiutumie mchoro huo kueleza bei ilitoka wapi. Unapochorwa, bei tayari ipo.

Dalili ya 6: LAC inapita chini kabisa ya kila SAC

LAC ni gharama ya wastani ya muda mrefu, na SAC ni ya muda mfupi kwa kila ukubwa wa kampuni. Ukikosea hapa, usione haya. Jacob Viner, katika makala yake ya mwaka 1931, alimwagiza mchoraji wake, aliyekuwa mwanahisabati, achore LAC ipitie sehemu za chini kabisa za SAC zote na wakati huohuo isizikate. Mchoraji alimwambia haiwezekani. Naye alisema kweli. LAC inapoteremka inaigusa SAC kwenye ubavu unaoteremka. Inapopanda, kwenye ubavu unaopanda. Ni SAC moja tu, ya katikati, inayoguswa chini kabisa. Chora SAC tatu kwanza, kisha pitisha LAC kwa chini ikizigusa ubavuni.

Dalili ya 7: Michoro yote ni sahihi, alama hazipandi

Mara nyingi mchoro umechorwa na kuachwa. Maelezo hayautaji tena, kwa hiyo msahihishaji ana vitu viwili visivyojuana. Mtihani utauandika kwa Kiingereza, ila mpangilio wa aya ni huu: hoja, sababu, herufi za kwenye mchoro. Mfano kwa bei yetu ya 10:

"Kampuni inaendelea kuzalisha ingawa ina hasara, kwa kuwa bei inazidi gharama badilifu ya wastani. Katika Mchoro wa 3, kwenye kiasi OQ, bei OP iko chini ya AC kwenye nukta A lakini juu ya AVC kwenye nukta B. Hasara ni eneo PCAE. Ingefunga, hasara ingekuwa eneo kubwa zaidi, DCAB, ambalo ni gharama zote zisizobadilika."

Jaribu kipimo hiki: funika mchoro kwa mkono na usome aya. Kama haipungukiwi na chochote, aya hiyo haikuutumia mchoro. Kisha fanya kinyume, funika aya na uone kama kila herufi kwenye mchoro ina sentensi yake. Herufi isiyotajwa ifute.

Sababu nyingine ni mchoro mmoja uliobebeshwa hoja nne. Hoja mbili zinaweza kushiriki mchoro kama bei na kiasi ni vilevile. Vikibadilika, chora mwingine. Mdogo unatosha, alimradi mihimili imeandikwa, mikunjo ina majina mwishoni, na kichwa kinataja soko na muda.

*Simama hapa:* kama una majibu mawili ya pasti pepa moja yanayopingana, na yote yametoka kwenye makundi ya wasapu, usikariri lolote. Yapitishe kwenye jedwali lililo juu, na yakibaki yanapingana mpelekee mwalimu aliyewahi kusahihisha mtihani wa taifa. Na ukiwa ndani ya chumba cha mtihani, mchoro ukigoma mara ya pili, ukate kwa mstari mmoja, acha nusu ukurasa wazi, andika aya zote za hoja, kisha rudi uchore kwa kufuata herufi ulizokwisha kuziandika.